Barua ya Dalali Asiyeahidi Bei

Kuanzia Sinza hadi Mbezi Beach hukosi kukuta ukuta ulioandikwa kwa rangi nyekundu: nyumba hii haiuzwi, ogopa matapeli. Wenye nyumba wa Dar es Salaam wamechoshwa na madalali kiasi hicho. Kwa hiyo dalali anayetaka kuwaandikia barua, tena barua ya kuomba akabidhiwe nyumba peke yake bila dalali mwingine kuigusa, ana kazi. Ninayo moja ambayo nimeisoma mara nyingi kwa sababu inafanya kazi hiyo vizuri. Ni ukurasa mmoja, imegawiwa kwa mkono katika mtaa mmoja wa Mbezi Beach, na kichwa chake hakina mbwembwe: “YAH: OMBI LA KUKUUZIA NYUMBA, ENDAPO UNAFIKIRIA KUIUZA.” Lile “endapo” limewekwa kwa makusudi. Mwandishi hajifanyi kujua kwamba mwenye nyumba anauza.

Aya ya kwanza ndiyo huwa inawaumbua wengi, maana hapo ndipo dalali husema ana mteja mwenye pesa mkononi. Mwenye nyumba akipiga simu anaambiwa mteja amesafiri, lakini tuanze kwa kupiga picha. Huyu ameandika hivi: “Nimeuza nyumba mbili katika mtaa huu. Watu wawili walizitaka wakazikosa, na mpaka wiki iliyopita walikuwa bado wanatafuta. Siwezi kusema wataipenda yako, kwa kuwa hawajaiona.” Kila sentensi hapo inaweza kuhakikishwa kwa kuuliza majirani au kwa kumtaka awalete hao watu wawili. Sentensi ya tatu inaziba mwanya ambao mbili za kwanza zingeuacha.

Halafu inakuja sehemu ninayoipenda kuliko zote, ile ya kazi zilizopita. Dalali wa kawaida huorodhesha nyumba alizouza na kuishia hapo. Orodha hiyo inaweza kuwa ya kweli tupu na bado ikakupoteza, kwa sababu hujui alipewa ngapi. Nyumba sita zilizouzwa kati ya saba si sawa na sita kati ya thelathini. Barua hii inaanza na jumla: tangu Januari ya mwaka uliotangulia alikabidhiwa nyumba tisa. Sita ziliuzwa, mbili wenyewe waliziondoa sokoni, moja bado ipo. Iliyouzwa haraka ilichukua wiki tano, iliyochelewa miezi kumi na moja. Katika hizo sita ni moja tu iliyofikia bei ya kuanzia.

Kisha anachagua mfano mmoja wa kuueleza kwa kirefu, na hakuchagua ile iliyofikia bei. Amechagua nyumba iliyoingia sokoni kwa shilingi milioni 420, bei ambayo mwenyewe aliipata kwa kusikia jirani aliuza ngapi. Miezi mitatu ikapita, wakaja watazamaji wanne, hakuna aliyetaja bei. Dalali akakaa na mwenye nyumba, wakashuka hadi milioni 380, na ndani ya wiki chache zikaja ofa tatu. Iliuzwa kwa milioni 365 mwezi wa saba. Jina la muuzaji halipo, namba ya kiwanja haipo, na pameandikwa kwamba bei imetajwa kwa ruhusa yake.

Kwa nini uchague mfano unaokupunguzia sifa? Kwa sababu unamwonyesha msomaji jambo ambalo dalali hawezi kuliahidi wala kulikwepa: bei ya kuanzia ikiwa juu mno, nyumba inazeeka sokoni, na wanunuzi wanaanza kujiuliza ina kasoro gani. Tena kuna mchezo wa zamani katika biashara hii, wa dalali kumtajia mwenye nyumba bei tamu ili asaini, kisha kumshusha kidogo kidogo kila mwezi. Barua inaukataa kwa sentensi moja: “Bei sitaitaja kabla ya kuiona nyumba na hati yake.”

Huduma zimeandikwa kwa vitenzi, si kwa sifa. Nitapiga picha mchana, kwa gharama yangu. Nitaandika jina na namba ya simu ya kila mtazamaji kabla hajaingia. Nitaomba upekuzi wa hati kwa Msajili wa Hati na kukuletea jibu kama lilivyotoka. Nitakuletea kila ofa kwa maandishi siku ileile, hata ile ya kuudhi. Ahadi hii ya mwisho ina uzito ambao si rahisi kuuona. Kwa kamisheni ya asilimia 5, nyumba ya milioni 365 inampa dalali shilingi 18,250,000. Mwenye nyumba akikomaa akapata milioni kumi zaidi, dalali anaongezewa laki tano tu. Kwa hiyo dalali hupata faida zaidi kwa kuuza upesi kuliko kwa kuuza ghali, na mwenye nyumba mwerevu anajua. Ofa zote zikiwa mezani kwa maandishi, si rahisi tena kumharakisha kwa maneno.

Barua inataja pia yasiyo mikononi mwa dalali: uthamini, kodi ya ongezeko la mtaji kule TRA, ridhaa ya mwenza, kodi ya ardhi ambayo haijalipwa. Hayo anaweza kuyafuatilia, hawezi kuyapangia tarehe. (Mahali pamoja kalamu imemteleza, ameandika “huduma za kitaalamu”. Mimi ningefuta.)

Ombi lenyewe la kuachiwa nyumba peke yake linakuja mwishoni, likiwa limefungwa kamba pande zote. Anaeleza kwanza sababu: nyumba ikiwa kwa madalali kumi, kila mmoja anaweka cha juu chake, na mnunuzi anaiona Instagram kwa bei tatu tofauti. Dalali gani atalipia picha na upekuzi wa nyumba ambayo kesho mwenzake anaweza kuiuza? Kisha anataja masharti. Mkataba ni wa siku 90, ukiisha umeisha, haujirudii wenyewe. Mwenye nyumba ataandika majina ya watu ambao tayari anazungumza nao, na akiwauzia hao hakuna kamisheni. Madalali wengine wanaruhusiwa kuleta wateja kupitia kwake na watagawana nusu kwa nusu, bila cha juu. Mkataba ukishaisha, anadai kamisheni kwa wale tu waliomo kwenye daftari la watazamaji, na kwa siku 60 tu. Hapo ndipo unaona kwa nini daftari lile lilitajwa mapema: linamlinda yeye asizungukwe, na linamlinda mwenye nyumba asije akadaiwa kwa mteja ambaye dalali hakumleta.

Ingekuwa rahisi kuomba miezi 12. Wapo wanaoomba, na nyumba inakaa kabatini. Siku 90 zinatosha kujaribu bei moja na kuirekebisha mara moja, basi.

Chini ya sahihi kuna mstari mmoja wa herufi za ukubwa uleule na barua nzima, si ndogo: kama nyumba yako tayari iko kwa dalali mwingine kwa mkataba, tafadhali usinijibu mpaka mkataba huo uishe. Namba ya simu imefuata, na saa za kupiga.