Hesabu ya Onyesho la Kwanza: Filamu Fupi ya Nkoma na Njia ya Matamasha

Mtengenezaji wa filamu fupi, ambaye pengine amehesabu kila shilingi alipokodi kamera na kuwalisha waigizaji, aghalabu huacha kuhesabu siku ile ile filamu inapokamilika. Hufungua tovuti ya FilmFreeway, huyaona matamasha kwa maelfu, kila moja limejipamba kwa nembo za tuzo, na huanza kulipa ada ya lile ambalo mlango wake unafungwa juma hilo, kisha la pili, kisha la tatu, mpaka fedha inapokwisha. Anapokuja kusoma kanuni za tamasha alilolitamani tangu mwanzo, hukuta kwamba filamu yake haina tena sifa ya kupokewa huko, kwa sababu imekwisha kuonyeshwa mahali pengine ambapo hapakumletea faida yoyote. Hasara hiyo ya pili ni kubwa kuliko ya fedha, maana fedha huweza kutafutwa upya, lakini onyesho la kwanza la filamu halirudi.

Ili maneno haya yasielee hewani, na tuchukue filamu ya mfano. Urefu wake ni dakika 18. Imepigwa Nkoma, katika wilaya ya Itilima iliyokuwa zamani sehemu ya Bariadi, kabla ya mkoa wa Simiyu kuundwa mwaka 2012. Wahusika wake ni wakulima wa pamba, na husema Kisukuma wao kwa wao, na Kiswahili wanapozungumza na mgeni. Imekamilika mwezi wa Februari, na mwenye filamu ametenga shilingi milioni moja kwa ajili ya matamasha tu, ambazo kwa kadirio la shilingi 2,500 kwa dola moja ni dola 400.

Chujio la kwanza ni urefu, na ajabu ni kwamba watu hulifikia mwisho. Mashindano ya filamu fupi ya Cannes hayapokei filamu inayozidi dakika 15, orodha ya majina ya mwishoni ikiwa imehesabiwa ndani yake. Kwa hiyo filamu yetu ya dakika 18, hata iwe na uzuri wa namna gani, haina haja ya kujadiliwa huko. Venice, katika kitengo chake cha Orizzonti, inapokea filamu fupi zisizozidi dakika 20, na Berlin zisizozidi 30. Na Akademia ya Marekani itoayo Oscar huihesabu filamu kuwa fupi maadamu haijapita dakika 40. Haya yapaswa kujulikana wakati mhariri angali mezani, ambapo kupunguza dakika tatu ni kazi ya siku chache, wala si baada ya sauti na rangi kukamilishwa, ambapo kuzipunguza ni kuanza upya.

Chujio la pili ndilo kiini cha hesabu nzima, nalo ni hadhi ya onyesho. Filamu ambayo haijapata kuonyeshwa hadharani popote huwa na onyesho la kwanza la dunia mkononi mwake. Ikionyeshwa nchini mwake, hilo hutoweka, lakini hubaki na onyesho la kwanza la kimataifa, yaani lile la kwanza nje ya nchi ilikotengenezwa. Ikivuka mpaka, hilo nalo hutoweka, na hubakiwa na hadhi ndogo zaidi, za bara, za nchi na za mji. Matamasha hayalingani katika kudai hadhi hizi. Venice huitaka filamu fupi iwe haijaonyeshwa popote duniani. Berlin huridhika na onyesho la kwanza la kimataifa. Sundance haidai hadhi yoyote kwa filamu fupi, ijapokuwa huidai kwa filamu ndefu. Wala Clermont-Ferrand ya Ufaransa haidai, ilhali hilo ndilo tamasha kubwa kuliko yote duniani lililowekwa kwa ajili ya filamu fupi peke yake. Mtu aliyesikia habari za hadhi kutoka kwa watengenezaji wa filamu ndefu huogopa kila mlango. Anayesoma kanuni hutambua kwamba kwa filamu fupi milango inayodai hadhi kwa ukali ni michache.

Hapa pana jambo ambalo kwa Mtanzania lina manufaa ya pekee. Tamasha la Kimataifa la Filamu la Zanzibar, ambalo wengi hulijua kwa jina la ZIFF na ambalo limekuwa likifanyika tangu mwaka 1998, liko ndani ya Jamhuri ya Muungano. Filamu ya Nkoma ikionyeshwa Ngome Kongwe katikati ya mwaka, inapoteza onyesho la kwanza la dunia, na kwa hiyo Venice ya Septemba imefungwa. Lakini haijatoka nchini, na onyesho la kwanza la kimataifa lingali salama kwa ajili ya Berlin ya Februari inayofuata. Lakini kama mwenye filamu, kwa furaha ya mwaliko, angeipeleka Nairobi kwanza, safari ambayo kutoka Simiyu kupitia Sirari si ndefu kuliko ile ya kwenda Dar es Salaam, angekuwa ameitumia hadhi ya kimataifa kwa onyesho ambalo lingeweza kungoja miezi minane bila ya kuharibika. Sisemi kwamba Nairobi ni ndogo. Nasema kwamba Nairobi haidhuriki kwa kuwa ya pili, na Berlin hudhurika.

Je, Venice iachwe kwa ajili ya Zanzibar? Kwa maoni yangu, ndiyo, kwa filamu ya namna hii. Venice huchagua filamu fupi kumi na kitu tu kutoka dunia nzima, na kuizuilia filamu mwaka mzima kwa tumaini jembamba kiasi hicho ni kuikosesha hadhira ambayo inaielewa bila ya mkalimani. Ambaye bado anaitaka Venice na aiombe, lakini Zanzibar ikimwita kwanza, aitikie, na aliondoe ombi la Venice kwa barua ya adabu.

Kwamba mpangilio huleta matunda, na kwamba hadhi iliyotumika upande mmoja haizuii heshima ya upande mwingine, yaonekana katika mwendo wa *Vuta N'Kuvute* ya Amil Shivji. Filamu hiyo ni ndefu, na kwa hiyo ilikuwa na sharti gumu kuliko letu. Ilionyeshwa mara ya kwanza Toronto mwezi wa Septemba 2021, na mwaka uliofuata ikatwaa Tanit ya Dhahabu huko Carthage, Tunisia. Ingalianza Carthage, Toronto isingaliipata kama onyesho la kwanza la dunia. Ilipoanza Toronto, Carthage haikupungukiwa na kitu, kwa kuwa matamasha makuu ya Afrika huitazama filamu kwa asili yake na ubora wake kuliko kwa upya wake. *Watu Wote*, iliyopigwa Kenya kuhusu abiria Waislamu waliowakinga wenzao Wakristo katika shambulio la basi karibu na Mandera mwaka 2015, ilipita mlango mwingine kabisa: ilikuwa kazi ya wanafunzi wa chuo cha Hamburg, ikapata tuzo ya dhahabu ya wanafunzi ya Akademia mwaka 2017, na kwa njia hiyo ikafika kwenye uteuzi wa Oscar wa mwaka 2018. Aliye chuoni na asitazame mlango wa wanafunzi kwa dharau, maana washindani wake ni wachache na ni wa filamu zilizotengenezwa mtu angali mwanafunzi.

Sasa tugawe zile dola 400. Ada ya filamu fupi katika matamasha mengi ni kati ya dola 15 na 60, na hupanda kwa vipindi: anayeomba mapema hulipa kidogo, anayeomba siku za mwisho hulipa pengine maradufu, na zaidi ya hayo ombi lake hufika wakati wachaguzi wamekwisha kuijaza nusu ya ratiba yao. Katika daraja la juu ningeweka matamasha mawili tu, Berlin na Sundance, na kwa hayo nitenge dola 120, nikijua kwamba natoa fedha hiyo bila ya matarajio makubwa: kwa tamasha la mwaka 2025, Sundance ilipokea filamu fupi zaidi ya 11,000, ikachagua 57. Kwa daraja la kati, dola 180, zigawanywe kwa matamasha sita ya dola 30 hivi, na hapa ndipo akili yote ielekezwe, kwa maana hapa ndipo filamu yenye sifa lakini isiyo na jina huchaguliwa. Clermont-Ferrand iwe miongoni mwayo. Na Durban pia, ambayo mshindi wake wa filamu fupi bora ya Afrika hupata haki ya kuingia katika mashindano ya Oscar. Daraja la tatu ni la nyumbani na la bara, ZIFF, Carthage na FESPACO ya Ouagadougou, ambayo hufanyika kila baada ya miaka miwili. Kwa hilo dola 40 zitatosha. Dola 60 zinazobaki zisiguswe, kwa sababu tamasha likikubali litataka nakala ya sinema, na pengine tafsiri ya Kifaransa chini ya picha, na hizo hazifanywi kwa shukrani.

Kabla ya kulipa popote, mwenye filamu na aandike kuomba asamehewe ada. Barua iwe ya sentensi tano: filamu ni nini, imetoka wapi, ina hadhi gani ya onyesho, kwa nini tamasha hilo na si lingine, na ombi lenyewe. Ipelekwe miezi miwili kabla ya mlango kufungwa, kwa kuwa nafasi za msamaha huisha mapema. Filamu ya Kisukuma kutoka Simiyu ni adimu katika meza za wachaguzi, na uadimu huo ni hoja ya kweli.

Yako pia matamasha ambayo si matamasha. Hutoa tuzo kila mwezi, huwa na vitengo vingi mno, hayana ukumbi wala ratiba ya mwaka uliopita inayoonekana, na mshindi huarifiwa bei ya kuinunua sanamu yake mwenyewe. Alama ni nyepesi: litafute jina la filamu iliyoshinda huko miaka miwili iliyopita, na kama haikufika popote pengine, usitoe hata dola tano.

Limebaki suala la watu wa Nkoma wenyewe, ambao nyumba zao na nyuso zao zimo katika filamu. Kuwaonyesha waigizaji na mafundi faraghani hakuhesabiwi kuwa onyesho la hadhara, wala kiungo cha Vimeo chenye nywila. Onyesho la wazi uwanjani huhesabiwa. Basi lifanywe baada ya Zanzibar, likiwa na idhini ya Bodi ya Filamu, na kwa kuwa bado ni Tanzania, halitaidhuru Berlin hata kidogo. Kitu kimoja tu kisifanywe, hata kwa saa moja, hata kwa ombi la jamaa aliye mbali: filamu isiwekwe YouTube mpaka tamasha la mwisho limejibu, kwa sababu huko haina nchi, na kwa kanuni za Berlin na za Akademia pia, kuwekwa huko mapema kwatosha kuiondoa mashindanoni.