Mkazo wa Buruburu

Makanga wa matatu huita "Buru! Buru!" na sikio lake halikosei: amelikata jina, lakini mkazo ameuacha mahali pake. Jina zima lina silabi nne, na kama ilivyo katika karibu kila neno la Kiswahili, mkazo umekaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: bu-ru-BU-ru.

Tuwatungie watoto wa estate mstari mmoja: "Twende Buruburu, mama anangoja." Kila nusu ina silabi sita. Imba nusu ya kwanza kwa so so la la so mi, ukipiga kofi kwenye silabi ya 1, ya 3 na ya 5. Kofi la kwanza na la tatu ni mazito, la katikati jepesi. Makofi mazito yataangukia TWE na BU ya pili. Katika nusu ya pili, MA na NGO. Mstari unajiimba.

Shida huja tunapobadilisha maneno. "Twende Kayole" ina silabi tano. Ukiigawia noti zilezile moja moja, YO inakosa kofi na LE inalipata, hivyo watoto wataimba "kayoLE", kama jina la mtaa wasioujua. Unaweza kuivuta TWE ichukue noti mbili, ila mimi napenda kuongeza silabi yenye maana: "Sasa ni Kayole." SA imepata kofi lake, YO pia.

Mtego mkubwa zaidi ni viambishi vya mwisho, kwa sababu huuhamisha mkazo. "Anangoja" ikigeuka "anangojea", mkazo hutoka NGO ukaenda JE, silabi ya sita ya nusu ile, pasipo kofi. Dawa ni ya washairi wa zamani: ondoa -na-, useme "mama angojea." JE inarudi kwenye kofi la tatu na maana haijapotea.

Anayetaka kusikia mkazo ulioangukia mahali pasipo pake aimbe "Mwamba Wenye Imara" ya Tenzi za Rohoni, tafsiri ya wimbo wa Augustus Toplady, Mwingereza wa karne ya 18. Mstari wa Kiingereza huishia kwenye silabi moja yenye mkazo, na sauti ikatungwa iivute hiyo. Kiswahili hakina mwisho wa namna hiyo, kwani neno letu humalizika kwa silabi nyepesi. Basi noti ndefu ya mwisho imeangukia RA, na MA yenye mkazo inapitwa haraka. Tumeuzoea, lakini mkazo umekaa vibaya.

Kwa hiyo ukitunga sauti ya Kiswahili, uimalizie kwa noti mbili, nzito kisha nyepesi. Na kabla ya kufundisha ubeti wa pili, usome kwa makofi bila kuuimba. Ukisikia neno ambalo makanga hangelitamka hivyo, lirekebishe neno, sauti iache.