Maumivu ya Kulia Chini: Karatasi Tatu na Saa Sita

Mgonjwa wa mfano wetu ana miaka 22, anauza ndagala kando ya ziwa, Kalemie. Asubuhi amefika hospitali ameshika tumbo upande wa kulia, chini. Njiani alipitia maabara ya mtaani, akatoka na karatasi tatu: malaria ipo, Widal ya tifoidi ipo, mkojo una seli nyeupe kidogo. Nyumbani wanadhani jibu limeshapatikana, kilichobaki ni dawa.

Mimi ningeziweka karatasi hizo kando kwanza na kumuuliza maumivu yalianzaje. Yalianza jana jioni, yakizunguka kitovu, bila mahali maalumu. Chakula kikamchukiza, kisha akatapika mara mbili. Alfajiri maumivu yakahamia kulia. Mpangilio huo una sababu yake. Kidole tumbo kinapoziba na kuvimba, neva zake huleta maumivu yasiyo na mahali hasa, karibu na kitovu. Uvimbe ukigusa utando wa ndani wa ukuta wa tumbo, mgonjwa anaweza kuonyesha kwa kidole panapouma. Na maumivu hutangulia kutapika. Anayeanza kwa kutapika na kuhara, tumbo likafuata, mara nyingi ana maambukizi ya utumbo.

Kwa mwanamke wa umri huu, kipimo cha mimba hakingoji, hata akisema hana mimba. Mimba iliyotunga nje ya kizazi inaweza kumwaga damu tumboni na kuua kwa saa chache. Chake hakikuonyesha mimba, na hedhi yake ya mwisho ilianza siku 20 zilizopita, bila kuruka mwezi. Ovari iliyojisokota nayo haikuweza kupuuzwa, kwa kuwa ikikosa damu kwa muda mrefu hufa. Ila hiyo kwa kawaida huanza ghafla, kwa ukali kamili, pamoja na kichefuchefu tangu mwanzo. Ekografi ilionyesha ovari zote mbili zikiwa za kawaida, bila majimaji ya kutia shaka. Kidole tumbo hakikuonekana. Hilo la mwisho lisimpumbaze mtu: kutoonekana si kutokuwepo kwa ugonjwa, hasa gesi ya utumbo inapoziba picha.

Sasa turudi kwenye karatasi. Kipimo cha haraka cha malaria kinaweza kubaki chanya kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kwisha, na malaria hata ikiwepo kweli haielezi maumivu ya sehemu moja. Widal moja haithibitishi tifoidi. Tifoidi inayotoboa utumbo, na daktari wa Kongo hawezi kuisahau, kwa kawaida hutanguliwa na homa ya wiki moja au zaidi. Huyu hakuwa na homa kabla ya jana. Mkojo ndio mtego mkubwa zaidi. Kidole tumbo kilichovimba karibu na kibofu au mrija wa figo huukera, na seli nyeupe huingia kwenye mkojo bila bakteria yoyote. Kipimo chake hakikuwa na naitraiti wala damu, hakuwashwa wakati wa kukojoa, na kiuno hakikuuma kilipogongwa. Mwenye kijiwe cha figo, tena, hugaagaa kitandani. Huyu alilala kimya, akiogopa hata kukohoa.

Kwa alama za Alvarado, zilizochapishwa mwaka 1986, alipata 1 ya maumivu kuhama, 1 ya kukosa hamu ya chakula, 1 ya kutapika, 2 za maumivu akibonyezwa kulia chini, na 1 ya joto la 37.6. Jumla 6 kati ya 10. Kuumia mkono unapoachiliwa ghafla hakukuwepo, na seli nyeupe za damu zilikuwa 9,800, chini ya kizingiti cha 10,000. Alama 5 au 6 zinadai mgonjwa abaki wodini, atazamwe tena.

Akapewa maji ya mshipa na dawa ya maumivu. Imani ya kwamba dawa hiyo huficha ugonjwa ni ya zamani, na inawatesa watu bure. Antibiotiki ya kubahatisha ndiyo iliyozuiliwa, maana hupoza dalili kabla hazijasomwa. Baada ya saa sita daktari yuleyule alimbonyeza tena: sasa mkono ukiachiliwa aliruka, na seli zilifika 13,200. Alama 9. Hapo antibiotiki ikaanzishwa, akapelekwa chumba cha upasuaji.

Kidole tumbo kilikuwa chekundu, kimelala juu ya kibofu. Kingekuwa cha kawaida, kazi isingeishia hapo: mpasuaji angeivuta sehemu ya mwisho ya utumbo mdogo, ambako tifoidi hutoboa, kisha akaitazama ovari ya kulia kabla ya kufunga.