Karani wa Dirisha la Ada

Pongezi kwa karani mmoja wa ada katika chuo kikuu kimoja cha Goma. Mwanafunzi alilipa benki dola 150 za muhula wa kwanza, zikaandikwa za muhula wa pili. Jina lake likakosekana kwenye orodha ya mtihani. Karani mvivu angesema, "Lipa tena." Huyu aliomba bordero, akalinganisha namba na tarehe yake na taarifa ya benki. Pesa ilikuwa imeingia, ila kwenye bordero nafasi ya muhula iliachwa wazi, ndiyo maana ikaandikwa ya muhula wa pili. Hakufuta kitu, maana mkaguzi lazima aone pesa ilikopita. Alitoa 150 muhula wa pili, akaziingiza wa kwanza, namba ya bordero ileile pande zote, mhasibu akatia sahihi. Kisha akapeleka mwenyewe karatasi aparitorati, kabla orodha haijachapishwa upya.