Mililita 8 za Dawa, 12 za Maji

Kikaratasi kinachokaa ndani ya boksi la magnesiamu salfeti, ukikikunjua, kinafunika nusu ya meza. Herufi zake ni ndogo hata msomaji inabidi asogee dirishani. Muuguzi mkunga mmoja wa Pande, kusini mwa Kilwa Masoko, alikitandaza mchana mmoja leba ikiwa tulivu, akaweka pembeni mwongozo wa matibabu, penseli, rula na kipande cha manila kilichokatwa kiwe kadi ya kuingia mfuko wa sare. Nikaomba nikae nimtazame.

"Sista, dawa hii si unaijua kwa moyo?" nilimuuliza.

"Naijua, kaka. Ila saa nane usiku mama amekakamaa kitandani, ndugu wanalia mlangoni, hapo sitaki kukumbuka. Nataka kusoma."

Dawa yenyewe ni ya kifafa cha mimba. Mwaka 1995 utafiti mkubwa wa kimataifa uliilinganisha na diazepamu na fenitoini, ukaonyesha kwamba akina mama waliopewa magnesiamu walirudiwa na kifafa mara chache zaidi kuliko wenzao. Tangu hapo ndiyo inayoshikwa kwanza. Lakini dawa hiyohiyo ikizidi inalegeza misuli mpaka mgonjwa anashindwa kuvuta pumzi, na ndiyo sababu sista hakuwa na haraka.

Kwanza alikisoma kikaratasi chote, mwanzo mpaka mwisho, bila kuandika neno. Mara ya pili alipita na penseli kama anayechambua mchele. Uzito wa molekuli aliukata. Jina la kiwanda alilikata. Nguvu ya dawa ilikuwa imeelezwa kwa namna tatu: kwa asilimia, kwa gramu, na kwa kipimo cha kikemia ambacho hakuna bomba la sindano linalokionyesha. Hicho cha tatu akakikata. Alipofika kwenye sentensi inayosema dawa hutolewa mwilini na figo, nilidhani nayo itakwenda. Aliipigia mstari mara mbili. Sababu yake niliiona baadaye.

Kisha akachukua ampuli moja kutoka kabatini, akaisoma kwa sauti: mililita 10, asilimia 50. Hilo ndilo neno la kwanza lililoingia kwenye kadi, juu kabisa, ndani ya kisanduku. Asilimia 50 maana yake gramu 50 katika mililita 100, yaani nusu gramu katika kila mililita. Mwongozo unataka mama aanze na gramu 4 kwenye mshipa. Mkono wa muuguzi haupimi gramu, unapima mililita, kwa hiyo gramu 4 zikageuka mililita 8. Wengi wangeishia hapo. Dawa ya asilimia 50 haichomwi mshipani ilivyo. Lazima ishuke hadi asilimia 20 au chini yake. Gramu 4 zikae katika mililita 20, basi: dawa 8, maji ya sindano 12. Aliziandika tarakimu hizo mbili kwenye mstari mmoja, zikiunganishwa na alama ya kujumlisha, ili jicho lisiweze kuiona 8 bila kuiona 12.

Muda wa kuchoma ulimsimamisha. Kikaratasi kilitaja mwendo wa polepole sana, halafu kikaacha mlango wazi kwa mgonjwa mwenye kifafa kikali. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2017 unasema dakika 5. Alisoma maandishi yote mawili, akarudia, akaandika "dakika 5, tazama saa". Mlango ule ulioachwa wazi ulikuwa wa mgonjwa huyuhuyu.

Dozi ya misuli ndiyo iliyofuata: gramu 5 kila tako, zikiingia ndani sana. Hapa dawa haichanganywi na maji. Ampuli nzima ya mililita 10 inavutwa, inaongezwa mililita 1 ya lignokaini ya asilimia 2 kupunguza maumivu. Alihesabu ampuli zinazohitajika kwa kuanzia: 8, na 10, na 10, jumla mililita 28. Ampuli 3, na mililita 2 zinabaki za kutupwa. Aliandika "andaa ampuli 3" pembeni, maana anayekwenda kabatini usiku hataki kwenda mara mbili. Chini yake akaweka mstari wa mama ambaye mshipa haupatikani: anza na sindano za matako, kisha rufaa kwenda hospitali ya Kinyonga, Kilwa Kivinje, saa ya sindano ikiwa imeandikwa kwenye barua. Bila saa hiyo anayempokea hajui lini zinatimia saa 4 za dozi nyingine.

Aligeuza manila. Upande wa nyuma ulikuwa wa kumwangalia mgonjwa, na hapo ile sentensi ya figo ikaonyesha kazi yake. Kama dawa inatoka kwa mkojo, mama asiyekojoa anaihifadhi yote mwilini. Mwongozo unasema mkojo usipungue mililita 30 kwa saa. Sista aliizidisha kwa saa 4 za kati ya dozi na dozi, akaandika "mfuko wa mkojo: 120 au zaidi", kwa kuwa mfuko ndio utakaotazamwa. Juu yake aliweka pumzi, 16 au zaidi, zihesabiwe dakika nzima. Katikati akaweka goti: ukiligonga, mguu uruke. Goti hunyamaza kabla pumzi hazijafa, kwa hiyo ndilo linalotoa taarifa mapema. Moja kati ya hayo matatu likikosekana, dozi inayofuata haitolewi. Mama akisema anasikia joto mwilini wakati wa kuchomwa, hilo ni la kawaida, aambiwe mapema asiogope.

Mstari wa mwisho aliuandika kwa wino mwekundu: pumzi zikisimama, msaidie kupumua kwa ambu, kisha kalsiamu glukoneti ya asilimia 10, mililita 10, mshipani taratibu kwa dakika 3. Alinyanyuka akaenda kuhakikisha kalsiamu ipo kabatini kabla ya kuumaliza mstari huo.

Nilidhani kadi imekwisha. Yeye akamwita muuguzi kijana aliyekuwa zamu, akampa kadi, bomba na maji matupu, akamwambia: "Fuata ilivyoandikwa, mdogo wangu. Usiniulize." Kijana akachukua bomba la mililita 10, akavuta 8 sawasawa, kisha akabaki ameduwaa: mililita 12 za maji hazikuwa na pa kuingia. Sista hakumlaumu. Alichukua kadi, akaongeza maneno "bomba la 20" kabla ya tarakimu ya 8, akayarudia kwenye mstari wa misuli, maana 10 na 1 nazo hazienei kwenye bomba la 10. Wakaanza upya, na safari hii kijana alifika mwisho bila kusimama.

Ndipo alipoandika tarehe, jina la mwongozo alioutumia, na nafasi ya sahihi ya mwenzake aliyehakiki hesabu. Laminesheni ingesubiri mtu anayekwenda Masoko.

Kadi hiyo ni ya ampuli ya asilimia 50 peke yake. Siku stoo itakapoleta ampuli ya nguvu nyingine, hesabu za dawa za upande wa mbele hazitakuwa kweli tena. Kwa hiyo wewe unayebeba kadi ya namna hii mfukoni, isome pamoja na ampuli iliyo mkononi mwako, na zikitofautiana, ichane uandike nyingine.