Ada ya Wakili Inaishia Wapi

Tuchukue mfano wa kubuni. Mfanyabiashara wa dagaa wa Kirumba Mwaloni anamdai mnunuzi wa Nansio, Ukerewe, shilingi milioni 40. Wakili wake wa jijini Mwanza amempa barua ya makubaliano yenye kurasa sita, naye anataka muhtasari wa ukurasa mmoja kabla ya kusaini.

Wafupishaji wengi huanza na ada, maana ndiyo mteja anayoiuliza kwanza. Mimi ningeanza na mipaka ya kazi, kwani bila hiyo hatujui ada inalipia nini. Barua inasema wakili atamwakilisha mteja katika Mahakama ya Wilaya ya Ilemela hadi hukumu itolewe. Basi. Kumbe kushinda kesi hakujaweka fedha mfukoni: mdaiwa akikaidi, lazima yaletwe maombi ya kukazia hukumu, mali ikamatwe na dalali wa mahakama aiuze. Akikata rufaa, ni shauri jingine tena. Barua yetu haigusi lolote kati ya hayo, na hapo mfupishaji hushawishika kuandika "havimo". Asifanye hivyo. Aandike: "Barua iko kimya kuhusu rufaa na kukazia hukumu. Muulize wakili, na jibu liwe kwa maandishi."

Sasa ada inasomeka vizuri. Ni milioni 5: milioni 2 wakati wa kusaini, milioni 2 usikilizwaji ukianza, milioni 1 kabla ya hukumu. Sentensi fupi mwishoni mwa aya inasema "bila VAT". Kama wakili amesajiliwa kwa kodi hiyo, kwa kiwango cha kawaida cha asilimia 18 jumla inakuwa 5,900,000. Muhtasari utaje kiasi hicho, kwani ndicho mteja atakachokitoa. Ada ya kufungua shauri na nauli ya kivuko ya kupeleka wito Nansio zinalipwa kando, na barua haikuziwekea ukomo.

Mteja pia hudhani aliyeshindwa atarudisha kila senti. Mahakama ikimpa gharama, hukadiriwa kwa Amri ya Malipo ya Mawakili ya mwaka 2015, hivyo kinachorudi kinaweza kuwa pungufu ya alichokubaliana na wakili wake.

Kuhusu kuachana, barua inampa kila upande haki ya kusitisha kwa notisi ya maandishi ya siku 14. Hata hivyo, shauri likiwa mahakamani, wakili huomba ruhusa ya mahakama ili ajitoe. Notisi kwa mteja peke yake haimwondoi. Mteja naye atalipa "kazi iliyokwisha kufanyika", lakini namna ya kuihesabu haikuandikwa. Tuseme anasitisha baada ya usuluhishi kushindikana, usikilizwaji haujaanza: ameshalipa milioni 2. Je, sehemu yake itarudi, au atadaiwa zaidi? Na jalada atakabidhiwa lini, kabla au baada ya kumaliza deni? Maswali hayo mawili yakae juu ya mstari wa saini.