Daftari la Wahesabu Soko

Fahirisi ya soko la hisa huonyesha bei zimefika wapi, lakini haisemi ni hisa ngapi zimezifikisha hapo. Kampuni chache kubwa zikipanda, fahirisi hupanda nazo hata kama zilizo nyingi zinashuka. Kwa sababu hiyo wachunguzi wa Soko la Hisa la New York walijenga ufundi wa kuhesabu vichwa. Kila jioni walichukua idadi ya hisa zilizopanda, wakatoa idadi ya zilizoshuka, na kampuni ndogo ikahesabiwa sawa na kubwa.

Jibu la siku moja hurukaruka mno, kwa hiyo lilihitaji kulainishwa. Katika miaka ya 1960 P. N. Haurlan, mtaalamu wa roketi, alileta sokoni wastani unaozipa uzito zaidi siku za karibuni. Mwaka 1969 Sherman na Marian McClellan wa California wakachukua wastani wa aina hiyo mara mbili, mmoja mwepesi na mmoja mzito, wakatoa mzito kutoka kwa mwepesi. Tofauti hiyo, inayopanda na kushuka kuvuka sifuri, ndiyo kipimo kinachobeba jina lao mpaka leo.

Uzuri wake unaonekana penseli inaposhikwa. Wastani mwepesi husogea kwa asilimia 10 ya pengo lililopo kati yake na hesabu ya leo. Mzito husogea kwa asilimia 5. Asilimia 10 hupatikana kwa kusogeza nukta, na asilimia 5 kwa kugawa pengo mara kumi kisha nusu. Tuseme jana wastani mwepesi ulikuwa 100 na mzito 60, hivyo kipimo kilisoma 40. Leo zimepanda hisa 1,200 na kushuka 1,700; tofauti ni −500. Kutoka 100 hadi −500 pengo ni 600, kwa hiyo mwepesi hushuka 60 na kuwa 40. Kutoka 60 hadi −500 pengo ni 560, kwa hiyo mzito hushuka 28 na kuwa 32. Kipimo kimebaki na 8. Kesho ikija −500 nyingine, kitaangukia −19.4, chini ya sifuri, hata kama fahirisi bado iko juu kwa nguvu ya kampuni chache.

Utengano wa namna hiyo si nadharia. Mstari wa jumla ya tofauti za kila siku katika soko la New York ulifika kileleni Aprili 1998, ilhali fahirisi ya Dow Jones iliendelea kupanda hadi Januari 2000. Mstari ulitangulia kwa takriban miaka miwili, na hapo ndipo kikomo chake: huonyesha udhaifu, hautaji siku ya anguko.

Hesabu ya pili huchukua hisa zilizofikia bei ya juu kabisa katika wiki 52 na kutoa zile zilizofikia bei ya chini kabisa. Hii ni nzito zaidi, maana hisa haiingii humo kwa kuyumba kwa siku moja. Hata hivyo hutegemea yaliyotokea mwaka uliopita: bei za juu za zamani zikitoka nje ya wiki 52, kupanda kidogo tu huitwa kilele kipya.

Tena, kutoa huficha. Siku yenye vilele 12 na mabonde 2 huandikwa 10. Siku yenye vilele 150 na mabonde 140 nayo huandikwa 10. Ya kwanza ni soko tulivu, ya pili ni soko lililopasuka vipande viwili. Aliyeandika safu zote mbili daftarini aliliona jambo hilo kabla ya kutoa. Leo skrini hutoa jibu moja lililokwisha kulainishwa, na safu hizo mbili hazifunguliwi.

Vivyo hivyo hupotea swali la nani amehesabiwa. Orodha ya New York huchanganya hisa za kawaida na mifuko ya dhamana, inayofuata viwango vya riba. Idadi ya majina nayo imebadilika tangu 1969, hivyo 500 ya sasa si 500 ya zamani. Na tangu bei zilipoanza kutajwa kwa senti mwaka 2001, senti moja yatosha kuihamisha hisa kutoka kundi la zilizosimama. Dawa ya tatizo la idadi ni kugawa:

```
1000 * (A - D) / (A + D)
```

Hapa A ni zilizopanda na D ni zilizoshuka. Siku ya 1,200 kwa 1,700 hutoa karibu −172. Lakini hakuna fomula inayoitoa mifuko ya dhamana orodhani. Kazi hiyo ilihitaji, na bado inahitaji, mtu wa kusoma orodha yenyewe, na wasomaji wa namna hiyo wamepungua.